HDR: Mbona Jua Limepauka na Giza Limemeza Kila Kitu?

Malalamiko kuhusu HDR huja kwa sura mbili, na mara nyingi hutoka nyumba moja. La kwanza ni kwamba mchana wa kwenye filamu au gemu umepauka: mawingu yamekuwa shuka jeupe, uso wa mtu aliyesimama juani hauna rangi, na picha nzima imefunikwa na ukungu. La pili ni kwamba usiku ukiingia katika hadithi hiyohiyo, kila kitu kinazama. Nyayo zinasikika, anayetembea haonekani. Mwenye runinga anashika rimoti na kuongeza mwangaza. Usiku unaonekana kidogo, mchana unazidi kupauka. Anaupunguza, mchana unatulia, usiku unapotea tena. Mwishowe anazima HDR na kuamini kwamba ni jina la kuuzia runinga tu.

Kwa runinga yenye uwezo wa kutosha, mara nyingi sivyo. Kinachoharibu picha ni mojawapo ya mambo mawili. Ama vifaa viwili vinaifanya kazi moja kwa pamoja na kuiharibu, ama kimoja hakielewi mwenzake anapotaja nyeusi anamaanisha nyeusi ipi. Yote mawili yanarekebishika ukiwa umekaa kwenye kochi, bila fundi wala kifaa cha kupimia, ilimradi ujue unatafuta nini.

Tuanze na kile kinachopita ndani ya waya. Picha ya kawaida, ile tuliyoizoea tangu enzi za runinga za chogo, husafirisha uwiano. Inaiambia runinga kwamba sehemu hii ing'ae kikamilifu, ile ing'ae nusu, ile ising'ae kabisa. Kung'aa kikamilifu ni kiasi gani? Hilo runinga inajiamulia. Studio huitayarisha picha hiyo kwa kukadiria niti 100, lakini runinga ya sebuleni inaweza kuionyesha kwa niti 300 na hakuna kinachoharibika. Kila kitu kinapanda kwa pamoja. Niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kioo, na niti moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba.

HDR10, ambayo ndiyo aina ya HDR inayopatikana karibu kwenye kila runinga yenye sifa hiyo, haisafirishi uwiano. Inasafirisha vipimo. Hesabu yake, iliyobuniwa na Dolby na kupitishwa mwaka 2014 kuwa kiwango rasmi cha wahandisi wa filamu na televisheni, inaipa kila namba kiasi chake maalumu cha mwanga, kuanzia karibu na sifuri hadi niti 10,000. Namba fulani ikifika kwenye runinga, maana yake ni niti 5, si zaidi wala pungufu. Nyingine maana yake ni niti 600. Nusu ya kwanza ya namba hizo inaishia kwenye niti 92 hivi. Humo ndani ndimo zinamokaa nyuso za watu, kuta, nguo, majani na sehemu kubwa ya maisha. Nusu ya juu yote imewekewa vitu vinavyong'aa kweli: jua, taa ya gari, cheche za chuma, mmeto wa maji.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu runinga nyingi za bei ya kati huishia mahali fulani kati ya niti 500 na 1,000, ilhali filamu hutayarishwa kwenye skrini za studio zenye niti 1,000, na nyingine 4,000. Runinga yenye niti 600 ikiagizwa kuonyesha niti 2,000, haiwezi. Ina njia mbili. Inaweza kukata, yaani kila kilichozidi 600 kiwe cheupe kimoja. Au inaweza kubana: inaanza kupunguza mwanga mapema, tuseme kwenye 300, ili vile vilivyo kati ya 300 na 2,000 vibanane kwenye nafasi iliyobaki huku tofauti zao zikionekana bado. Kubana kukifanywa mara moja, na kifaa kimoja, picha inapendeza. Kukifanywa mara mbili, sehemu zenye mwanga hupoteza tofauti zao na kuwa kijivu cheupe. Huo ndio mpauko ambao watu wanaulalamikia.

Lakini kabla ya kufika huko, hakikisha HDR yenyewe inafika. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa na matundu ya HDMI yaliyofungwa kwenye kiwango cha zamani, ili vifaa vya zamani visisumbuke. Kwenye LG kuna kipengele kiitwacho "HDMI Deep Colour", kwenye Samsung "Input Signal Plus", kwenye Sony "HDMI signal format" ambapo unachagua "Enhanced format". Kinawashwa kwa tundu lile hasa ulilochomeka kifaa chako. Kukiwasha kwenye tundu la kwanza hakuligusi la pili. HDR ikifika, runinga nyingi huonyesha neno HDR kwenye kona kwa sekunde chache, na ukifungua menyu ya picha utaona alama yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba runinga hutunza mipangilio ya picha ya kawaida mahali pake na ya HDR mahali pake, na mara nyingi kila tundu lina ya kwake. Ukitumia jioni nzima kupanga picha huku unatazama taarifa ya habari kwenye king'amuzi, hujagusa HDR hata kidogo. Cheza kwanza kitu cha HDR, subiri alama itokee, ndipo ufungue menyu. Na ukishaifungua, mambo machache tu ndiyo ya kugusa. Taa za nyuma ya kioo ziache juu kabisa; kwenye HDR ndipo zinapotakiwa kuwa. Kontrasti iache kama ilivyotoka kiwandani. Zima kipengele cha kubana umeme na kile cha kupima mwanga wa chumba, angalau mpaka umalize. Naelewa kwa nini nyumba nyingi za kutumia LUKU huviwasha, lakini kipengele cha kubana umeme huzipunguza taa, nazo ndizo zinazoifanya HDR iwe HDR.

Sasa nyeusi. Kuna mila mbili za kuhesabu picha kwenye waya wa HDMI, na zote bado zinatumika. Ya filamu na televisheni huanza nyeusi kwenye 16 na kumaliza nyeupe kwenye 235. Ya kompyuta huanza kwenye 0 na kumaliza kwenye 255. Kwenye HDR namba zenyewe huwa kubwa zaidi, lakini mgawanyo ni uleule. Kifaa kikituma kwa mila ya kwanza, na runinga ikasoma kwa mila ya pili, basi 16 iliyokusudiwa kuwa nyeusi tii inasomwa kama kijivu, na nyeupe haifiki juu. Picha nzima inapauka, mchana na usiku. Ikiwa kinyume, yaani kifaa kinatuma 0 hadi 255 na runinga inategemea 16 hadi 235, vivuli vyote vya chini ya 16 vinamezwa kuwa weusi mmoja, na mawingu yaliyo juu ya 235 yanakatwa. Mtu mmoja anaweza kupata malalamiko yote mawili, la giza na la mwanga, kutokana na kosa hili peke yake.

Kulitambua ni rahisi. Weka filamu yenye mistari myeusi juu na chini, zima taa za chumba, usogelee runinga. Linganisha mstari ule na fremu ya plastiki inayozunguka kioo. Kwenye runinga ya OLED, ambayo kila pikseli huwaka yenyewe na kuzimika yenyewe, mstari unatakiwa upotee kabisa gizani. Ukiwa kijivu kwa usawa kutoka ukingo hadi ukingo, vifaa havielewani. Kwenye runinga ya LCD huenda pakawa na mwanga kidogo unaovuja, hasa pembeni, na huo ni wa kioo chenyewe. Dawa ya kutoelewana ni kuviweka vyote viwili kwenye "Auto". Kwenye PS5 kipengele kinaitwa "RGB Range". Kwenye runinga nyingi kinaitwa "HDMI Black Level" au "Black Level". Ikishindikana, viweke vyote kwenye mila ya filamu, "Limited" kwenye kifaa na "Limited" au "Low" kwenye runinga. Usichanganye.

Hapo usishawishike kupandisha kile kipengele cha "Brightness" au "Black level" cha runinga ili giza lionekane. Hicho hakiongezi mwanga. Kinapandisha sakafu ya weusi, na kwa kuwa kwenye HDR kila namba ina kiasi chake, unayaharibu mahesabu ya picha nzima kuanzia chini. Sony wanatumia jina "Brightness" kwa taa zenyewe, kwa hiyo angalia runinga yako ni ya aina gani kabla ya kubonyeza.

Mpwa wangu anayesoma chuo alinunua runinga ya LCD ya inchi 55, ya bei ya kati, akaunganisha PS5. Baada ya muda alinipigia: "Mjomba, hii runinga wameniuzia feki." Gemu yake ya mbio za magari ilikuwa na barabara nyeupe mithili ya unga adhuhuri, na kwenye handaki gari la mbele lilikuwa taa mbili nyekundu zisizo na mwili. Nilipofika nilimwomba asiguse chochote kwanza, anionyeshe mipangilio jinsi ilivyo.

Cha kwanza kilikuwa kwenye PS5 yenyewe: Settings, kisha Screen and Video, kisha Video Output. Pale palipoandikwa HDR alikuwa amechagua "Always On". Maana yake mashine ilikuwa inageuza kila kitu kuwa HDR, hata gemu na menyu ambazo hazikutengenezwa hivyo. Picha ya kawaida ikigeuzwa hivyo mara nyingi hutoka ikiwa imefifia, kwa sababu hakuna mtu aliyeipa vipimo vya mwanga, mashine inakisia. Tukabadili kuwa "On When Supported". Gemu za zamani zikapona papo hapo. Ile ya mbio, ambayo ni ya HDR kweli, ikabaki vilevile.

Tukaingia "Adjust HDR" hapohapo kwenye menyu. Kinachofanyika humo ndicho kiini cha makala haya. PS5 inauliza runinga yako inaishia wapi, lakini haiwezi kuiuliza runinga yenyewe kwa uhakika, kwa hiyo inakuuliza wewe kwa macho yako. Skrini ya kwanza ina alama ya jua ndani ya eneo dogo lenye mwanga. Unabonyeza kitufe cha juu, alama inafifia kidogo kidogo, na unapaswa kusimama inapokaribia kutoonekana. Pale inapopotea ndipo runinga imefikia mwisho wake: mashine inatuma mwanga zaidi kwa mandhari kuliko kwa alama, na runinga haiwezi tena kuonyesha tofauti. Skrini ya pili inafanya hivyohivyo kwa kioo kizima, kwa sababu runinga nyingi haziwezi kuangaza kioo kizima kwa nguvu zilezile zinazotumika kwenye eneo dogo. Ya tatu inatafuta mwisho wa upande wa giza.

Mpwa wangu alibonyeza kitufe cha juu mara nyingi, na alama ikaendelea kuonekana. Akabonyeza mpaka mashine ikakataa kwenda mbele, alama bado ipo, dhaifu lakini ipo. "Si unaona, Mjomba? Runinga ina nguvu mno." Haikuwa na nguvu mno. Hiyo ilikuwa runinga inabana. Kila mwanga uliotumwa, hata wa maelfu ya niti, runinga iliubana ili uingie ndani ya niti zake 600 hivi, na ndiyo maana tofauti kati ya alama na mandhari haikuisha. Mashine nayo ikaamini kwamba imeunganishwa kwenye runinga ya niti 10,000, ikawa inatuma jua la adhuhuri kwa nguvu hizo. Runinga ikabana tena. Barabara ya lami, ambayo ilipaswa kuwa na niti mia na ushee, ikasukumwa hukohuko juu pamoja na mawingu, kwa sababu kipengele cha runinga kinachobana kwa kubadilika kila wakati kilikuwa pia kinapandisha sehemu za katikati ili picha ionekane inang'aa. Alama isiyokubali kupotea ndiyo ushahidi bora zaidi utakaoupata nyumbani kwamba kazi inafanywa mara mbili.

Sony na Microsoft walikutana na watengenezaji wa runinga na wa gemu kwa ajili ya tatizo hilihili, wakaunda kikundi kiitwacho HGiG. Makubaliano yao yanaeleweka kwa sentensi moja: gemu ibane, runinga isibane. Gemu inaweza kufanya hivyo vizuri zaidi, kwa sababu inaichora picha wakati huohuo na inajua jua liko wapi na mawingu yako wapi. Runinga inayofuata makubaliano hayo inaonyesha kila namba kama ilivyo hadi mwisho wa uwezo wake, kisha inakata. Kwenye LG kipengele kimeandikwa "HGIG" ndani ya "Dynamic Tone Mapping". Kwenye runinga nyingine utakikuta kwenye mipangilio ya gemu, na kwenye nyingine hakipo kabisa, kuna "Off" tu.

Runinga ya mpwa wangu ilikuwa nacho. Tukakiwasha, tukaweka picha kwenye hali ya gemu, tukarudi "Adjust HDR" na kushusha kila skrini hadi chini kabisa ili tuanze upya. Safari hii alama ilififia na kupotea mapema sana, na baada ya hapo kubonyeza hakukubadili kitu. Tukarudi nyuma hadi pale ilipokuwa inakaribia kutoonekana. Skrini ya pili ikaishia chini kidogo ya ya kwanza, jambo ambalo ni la kawaida. Ya tatu tukaishusha hadi mwisho. Kwenye OLED hapo ndipo mahali pake, na kwenye LCD mwanga unaovuja nyuma ya kioo huifanya nyeusi ionekane ya juu, mtu akadhani anapaswa kuipandisha. Akiipandisha, gemu inaanza vivuli vyake juu zaidi na handaki linakuwa la kijivu.

Hatua ya mwisho ilikuwa ndani ya gemu. Baadhi ya gemu husoma vipimo ulivyoweka kwenye mashine na hazina cha kuuliza. Nyingine zina vitufe vyake, na hapo kuna viwili vya kuvijua. Kimoja ni kilele cha mwanga, ambacho huandikwa kwa niti. Weka uwezo halisi wa runinga yako, si ule ulioandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Sisi tuliweka 600. Kingine huitwa "Paper White", na hiki ndicho kilichokuwa kimeiua barabara. Kinaamua karatasi nyeupe ya kawaida, isiyowaka, iwe na niti ngapi, na pamoja nayo kuta, nyuso na lami. Kwenye gemu ile kilikuwa kimepandishwa hadi 400, kwa lengo la kuona ndani ya handaki. Ukifanya hivyo kwenye runinga ya niti 600, umebakiza niti 200 tu kwa ajili ya mawingu, jua na taa. Ni lazima vifanane. Wahandisi wa utangazaji wanapendekeza niti 203 kwa weupe wa kawaida kwenye HDR. Kwa chumba chenye giza kiasi, kati ya 150 na 200 inatosha. Tuliweka 180.

Mpwa wangu akawasha mbio ileile, saa ileile ya mchana. Lami ikawa ya kijivu iliyoiva, na michirizi ya matairi ikaonekana kwenye kona. Mawingu yakagawanyika tabaka tabaka, jua likabaki kuwa kitu pekee cheupe angani. Kwenye handaki gari la mbele likapata mabega, na mwanga wa taa ukateleza juu ya paa lake. Alinyamaza mzunguko mzima, kisha akauliza mbona dukani hawakumwambia.

Runinga isiyo na HGiG inadai subira zaidi. Zima ule ubanaji unaobadilika, ujaribu tena alama. Ikipotea, fanya kama tulivyofanya. Isipopotea, usiifukuze hadi mwisho. Rudi chini, na pale gemu inapokubali namba, iandikie mwenyewe uwezo wa runinga. Wapimaji huru wamechapisha vipimo vya aina nyingi sana, na namba unayoitaka ni ile ya eneo dogo, la sehemu ya kumi ya kioo.

Kwa filamu hali ni tofauti, na wengi waliojifunza HGiG wanaiharibu hapa. Filamu imeshamalizwa. Haiwezi kubana chenyewe, kwa sababu haikujui wewe wala runinga yako. Ikiwa imetayarishwa kwa niti 4,000 nawe ukaiacha runinga kwenye HGiG, kila kilichozidi uwezo wake kinakatwa, na mlipuko unakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Kwenye filamu runinga ndiyo inayopaswa kubana. Chagua "Filmmaker Mode" kama ipo, hali iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuungwa mkono na waongozaji kama Martin Scorsese na Christopher Nolan, au hali ya sinema, kisha uiache runinga ifanye kazi yake ya kawaida.

HDR10 ina udhaifu wake hapo. Maelezo yanayoambatana na filamu, yanayoiambia runinga kilele cha mwanga ni kipi, ni ya aina moja kwa filamu nzima. Kukiwa na mlipuko mmoja mkali karibu na mwisho, runinga inaweza kubana kila tukio kwa ajili ya sekunde zile, na mazungumzo ya jioni jikoni yakaonekana yamezimika. Dolby Vision na HDR10+ zinatuma maelezo mapya tukio kwa tukio, kwa hiyo jikoni linapata vipimo vyake na mlipuko vya kwake. Kama runinga yako na huduma unayolipia vinakubaliana kwenye mojawapo, itumie. Kumbuka tu kwamba Dolby Vision nayo ina mipangilio yake ya picha, mbali na ya HDR10.

Kuna giza ambalo halitokani na mpangilio wowote. Kwa kuwa HDR inasafirisha vipimo, ukuta uliopangiwa niti 3 unatoka na niti 3, iwe ni usiku wa manane au saa saba mchana mapazia yakiwa wazi. Picha ya kawaida ungeipandisha yote ishindane na dirisha. HDR iliyopangwa kwa usahihi tayari ina taa zote juu na haina akiba. Kwenye sebule zetu zenye madirisha makubwa na kuta za rangi nyeupe, filamu ya giza mchana inamezwa na mwanga wa chumba, na mtu anailaumu runinga. Funga pazia la nyuma yako kwanza, maana ndilo linaloakisi kwenye kioo. Ikiwa haitoshi, basi mchana washa ubanaji unaobadilika, ule tuliouzima kwa ajili ya gemu, kwa kuwa unapandisha sehemu za katikati. Utapoteza sehemu ya usahihi na kupata picha inayoonekana. Naiona biashara hiyo kuwa ya haki kabisa, ilimradi ukiuzime usiku. Dolby Vision IQ, kwenye runinga zilizo nayo, hufanya marekebisho hayo yenyewe kwa kupima mwanga wa chumba.

Wanaotumia kompyuta ya Windows 11 wana ugonjwa wao. Ukiwasha HDR, dawati na kurasa zote za kawaida hupauka, kwa sababu Windows inazitafsiri kuwa vipimo kwa hesabu inayopandisha vivuli kidogo. Kipo kitelezi kiitwacho "SDR content brightness" cha kupanga weupe wa kurasa hizo, na ipo programu ya bure ya Microsoft, "Windows HDR Calibration", inayouliza maswali yanayofanana na yale ya PS5. Ifanye mara moja kwa kila skrini. Kisha iache HDR ikiwa imezimwa na uiwashe unapocheza au kutazama tu. Vitufe vya Windows, Alt na B vikibonyezwa pamoja vinaiwasha na kuizima.

Limebaki kundi moja ambalo mipangilio haitalisaidia sana, na ni kubwa. Ni runinga za bei nafuu zilizoandikwa HDR kwenye boksi, ambazo kweli zinapokea HDR10, lakini taa za nyuma ya kioo chao huwaka zote kwa pamoja na kuzimika zote kwa pamoja. Chukua yenye niti 300, na kioo kinachoweza kuzuia mwanga hadi sehemu moja ya 1,000. HDR inaziwasha taa zote hadi mwisho, kwa hiyo nyeusi yake ni niti 0.3 kila mahali, hata kwenye tukio la pango lisilo na mwanga hata chembe. Gizani kwa macho hiyo ni kijivu. Huku juu niti 300 haziachi nafasi ya kutosha kati ya ukuta mweupe na jua. Juu hakuna, chini hakuna, na kila namba ya HDR inabanwa katikati.

Kabla ya kununua, uliza kama taa za nyuma zimegawanywa kwa maeneo yanayozimika kila moja peke yake, kile kinachoandikwa "local dimming", na muuzaji asipojua, mwombe aweke tukio la usiku lenye taa moja na uangalie weusi ulio mbali na taa hiyo. Kama runinga iko nyumbani tayari na ni ya aina hiyo, ingia kwenye PS5 au kifaa chako cha filamu uweke HDR "Off". Picha ya kawaida iliyotayarishwa vizuri ilibanwa studio, na watu wanaotazama kila tukio kabla halijatoka, na kwenye kioo cha namna hiyo itakuonyesha mawingu mengi zaidi na vivuli vingi zaidi kuliko HDR inayobanwa kwa kukisia.